Viti Kumi na Vinne Vitupu

Kazi yangu katika mkutano wa wakulima wa makadamia, hapa Meru, ilikuwa kuwapangia wageni basi kutoka hotelini hadi ukumbini. Niliishia darasa la nane na huandika polepole. Wiki nzima nilimpigia kila mgeni simu, nikaandika kwenye daftari jina, saa atakayofika hotelini na basi lake. Basi lilikuwa moja, la viti thelathini na vitatu, na safari tatu: saa moja na nusu, saa tatu, saa tano.

Msimamizi wangu aliingiza majina kwenye kompyuta, akagawa nambari za viti, akachapisha.

Asubuhi ya mkutano basi la kwanza liliondoka na watu tisa.

"Wakulima ni wale wale," msimamizi akasema. "Hawajui saa."

Saa mbili na nusu akafika mama mmoja kutoka Kanja, na gunia dogo la makadamia. Kikundi chao kilikuwa kimemtuma azungumze na wanunuzi saa tatu na nusu. Asiyekuwepo akiitwa, zamu yake humpita.

Msimamizi akatazama karatasi. "Kiti chako ni nambari sita, basi la saa tano."

"Saa tano nikafanye nini huko, mwanangu? Kufagia?"

Watu wakacheka. Nyuma yake walikuwa wengine, wote wamepangiwa saa tano. Ndani ya basi, lililokuwa limesharudi kwa safari ya saa tatu, niliona viti kumi na vinne vitupu.

"Hivyo vina wenyewe," msimamizi akasema. "Wako njiani."

Nikafungua daftari. Mama wa Kanja: kufika saa mbili na nusu, basi la saa tatu. Kwenye karatasi, jina lake lilikuwa na saa ya mtu mwingine. Nikashuka mstari kwa mstari. Kwenye kompyuta msimamizi alikuwa amepanga safu ya saa bila ya majina, saa za mapema zikapanda juu, majina yakabaki palepale. Karibu kila mgeni alikuwa na saa isiyo yake.

Nilitaka kusema. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, wageni wakimtazama, na mimi sijawahi kumkosoa mtu mzima mbele za watu. Dereva akawasha gari. Likaondoka.

Ndipo nikamwambia yule mama. Nilimwitia bodaboda, ikachelewa kuja, nikapanda nyuma yake nikishika gunia. Tulifika saa tatu na dakika arobaini. Kikundi chake kilikuwa kimeitwa mara mbili. Mtu wa kikundi kilichofuata alikuwa tayari anawamiminia wanunuzi makadamia mezani.

Mama akaketi, gunia mapajani.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Basi likiwa bado limesimama."

"Na mdomo ulikuwa umeuacha wapi?"

Nilirudi hotelini na bodaboda ileile, nikasimama mlangoni mwa basi la saa tano, nikaanza kusoma majina kutoka kwenye daftari. Msimamizi akaninyooshea karatasi yake. Sikuipokea.