Fundi Anayekataa Kubonyeza

Elmina Nyamusi hutengeneza simu katika kibanda cha mabati nyuma ya soko la Bomet. Baba yake alitoka Kisii kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, naye Elmina alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Kazi ya mikono anaiweza, lakini haimpi sifa yoyote pale sokoni. Anajulikana kwa ukaidi. Hukataa kubonyeza neno lolote la kufuta katika simu ya mtu mwingine. Mwenye simu ndiye hubonyeza, tena baada ya kueleza kwa maneno yake mwenyewe kitakachotokea.

Wateja hunung'unika.

"Hii ni simu ama ni ubatizo?" mzee mmoja alimuuliza. "Mpaka nikiri mbele ya watu?"

"Kiri tu, mzee," alijibu bila kuinua macho. "Maji yapo."

Ukaidi huo aliupata kwa kosa lake mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita alimuuliza mwalimu mstaafu aitwaye Obure kama amefanya bakapu, yaani nakala ya akiba. Obure akasema ndiyo. Elmina akabonyeza. Picha zote za mazishi ya mama yake Obure zikapotea, kwa sababu mzee yule hakujua bakapu ni nini na aliona haya kusema hajui. Elmina angeweza kujitetea kwamba aliuliza. Hakujitetea. Aliuliza kwa lugha ambayo jibu lake rahisi ni ndiyo, na hilo si swali la haki. Katika nchi yetu aibu ya kutojua Kiingereza imefuta picha nyingi kuliko wezi wa simu. Tangu siku hiyo hamuulizi mtu kama amehifadhi. Husema, "Nionyeshe."

Jumanne moja alikuja Chelimo, mjane wa makamo mwenye shamba dogo la chai nje ya mji. Simu yake ilikuwa imejaa, ikikwama, na ilijizima na kujiwasha mara kadhaa kwa siku. Mtu wa kanisani alikuwa amemwambia airiseti.

"Inarudi mpya kama ya dukani," alisema. "Fanya haraka, fundi. Ijumaa nina kesi ya mpaka kwa chifu."

"Na ndani kuna nini unachohitaji Ijumaa?"

Chelimo alisita. Ndani kulikuwa na sauti ya marehemu mumewe, Noah. Mwaka mmoja kabla ya kufa alikuwa akifanya kazi ya mbao Londiani, na kutoka huko alimtumia kwa WhatsApp ujumbe wa sauti wa karibu dakika sita, akieleza mpaka wa shamba. Mathew, mdogo wake Noah, sasa alidai mistari ya chai iliyo chini, karibu na mto. Chelimo alisema yote ni yake hadi majini, na kwamba Noah mwenyewe angewaambia wazee hivyo. Hakuwa na karatasi. Alikuwa na sauti ile tu.

Elmina alifungua ukurasa wa kuriseti. Onyo lilikuwa la Kiingereza, la herufi nyekundu. "Hapa wanasema nini, mama?"

"Wanasema simu itasafishwa."

"Nani amekuambia?"

"Si wameandika? Nyekundu ni ya kuonya uchafu."

Elmina hakucheka. Alirudi kwenye mipangilio, akatafuta mahali pa lugha, akachagua Kiswahili. Simu ile ilikuwa na Kiswahili tangu siku iliponunuliwa. Hakuna aliyemwambia Chelimo. Ukurasa uleule ukafunguka tena, naye akausoma polepole, kidole kikifuata mstari: picha, muziki, programu, akaunti, data yote itafutwa kwenye simu.

"Yote?" aliuliza.

"Yote."

"Na Noah?"

"Na Noah."

Chelimo aliishika simu kwa mikono miwili. Kisha akakumbuka kitu, uso ukalegea kidogo. "Lakini WhatsApp inajihifadhi. Inaniambia kila siku imehifadhi."

"Nionyeshe."

Ni kweli, nakala ilikuwapo katika akaunti ya Google. Lakini anwani ya akaunti ile ilikuwa jina la Chelimo na tarakimu nyingi ambazo hakuwahi kuziona. Muuzaji wa duka ndiye aliyeifungua siku ya kununua simu, akaweka neno la siri kichwani mwake, kisha duka likahama. Wauzaji wengi hufanya hivyo wakidhani wanamsaidia mtu. Ni kama kumjengea mtu ghala na kuondoka na ufunguo.

"Ukifuta leo," Elmina alimwambia, "nakala itabaki huko, salama kabisa. Ila simu itakuuliza neno la siri, nawe hunalo."

"Basi tufanyeje?"

"Tufanye polepole."

Ilichukua siku nzima. Walihamisha picha kwenye kadi ya kumbukumbu na kufuta video za vichekesho zilizotumwa kwenye vikundi vya WhatsApp, maana simu iliyojaa haiwezi hata kutengeneza nakala. Walifungua akaunti mpya. Chelimo akachagua neno la siri na kuliandika mwenyewe katika daftari lake la nyumbani. Katika WhatsApp wakabadilisha akaunti ya kuhifadhia, wakaweka ile mpya, wakangoja hadi nakala ikamilike. Ujumbe wa Noah wakautuma pia kwenye simu ya Chepkemoi, binti yake Chelimo. Mwisho wakaondoa akaunti ya muuzaji na kuitoa kadi.

"Sema sasa," alisema Elmina.

"Nikibonyeza, kila kitu kilicho ndani ya simu kinaondoka. Picha ziko kwenye kadi. Mazungumzo yako kwa akaunti yangu, na neno la siri ninalo."

"Bonyeza."

Simu ilipowaka upya, Chelimo aliingiza akaunti yake. WhatsApp ilithibitisha namba, kisha ikaleta maneno mawili: Rejesha na Ruka. Kidole chake kilisimama hewani.

"Ruka ni kuanza bila ya zamani," alisema, kama anayejifundisha. Akabonyeza Rejesha.

Mazungumzo yalirudi. Jina la Noah lilionekana, lakini ujumbe wa sauti ulikuwa na mshale wa kupakua tu, na haukucheza.

"Noah ameondoka," Chelimo alisema kwa sauti ndogo.

"Maneno hutangulia. Sauti na picha hufuata. Ngoja."

Baada ya robo saa mshale ukaondoka. Chelimo aliusikiliza hadi mwisho. Noah akiwa hai hakuona haja ya kuumaliza, na tangu mazishi hakuwahi kupita dakika ya pili, alikuwa akilia na kuzima. Noah alizungumza Kipsigis taratibu. Alitaja mwanzo wa shamba, barabara, mti wa pembeni. Halafu, karibu na mwisho, akasema mistari sita ya chini ni ya Mathew, kwa kuwa ndiye aliyeipanda walipokuwa vijana, na asiondolewe.

Elmina hakuelewa Kipsigis chote, lakini alielewa uso wa Chelimo.

Chelimo akabonyeza ujumbe ule kwa muda mrefu, na simu ikamuuliza kwa Kiswahili kama aufute. Hakuhitaji mtu wa kumsomea. Elmina alitazama pembeni, kwa sababu hapo pia si yeye wa kubonyeza.

"Chepkemoi ameusikia?" Chelimo aliuliza.

"Sijui, mama."

Akasoma swali lile mara ya pili. Akabonyeza Ghairi, akaomba Elmina amwandikie namba ya Mathew daftarini kwa tarakimu kubwa, ampigie kabla ya Ijumaa, kisha akafunga simu ndani ya leso.