Kilio cha Programu Zangu

Asubuhi ile kampuni iliyokuwa ikinilisha iliniandikia sentensi mbili: kazi ya mabango imesimamishwa, asante kwa ushirikiano. Nilikuwa nawachorea mabango ya usalama ya kubandikwa mgodini. Vaa kofia. Usisimame nyuma ya lori. Usiingize mkono hapa. Karibu pesa yangu yote ilitoka kwenye mikono ile iliyochorwa ikikatwa. Nilizisoma sentensi zile, nikatafuta huzuni ndani yangu, na badala yake nikaanza kucheka, kicheko kile cha mtu anayeteleza kwenye tope na bado hajafika chini.

Yaya akageuka kunitazama. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini amenitangulia miaka michache na ananikaripia kila siku, kwa hiyo namwita yaya, mkubwa wangu. Tunapanga chumba kimoja cha kazi kule mtaa wa Bel-Air: yeye anakata video za harusi upande wa dirishani, mimi nachora upande wa mlangoni. Nilimweleza. Akauliza kwanza kama nimekula, halafu akauliza ni programu ngapi zinazokata pesa kwenye kadi yangu kila mwezi. Sikujua. Mimi ninayewauliza wahubiri ushahidi, sikujua.

Lakini nilikuwa na jibu la haraka, lile tulilo nalo wote hapa. Kadi zetu za kulipia vitu vya ng'ambo ni namba tu ndani ya simu. Tunazijaza kutoka pesa ya simu siku tunapotaka kulipa, siku nyingine zinakaa tupu. Basi, nilisema, nisiijaze kadi. Kwa nini nibonyeze vitufe kumi vya kuaga wakati njaa inaweza kuziua programu zote bure? Yaya akakubali, na yeye ndivyo anavyofanya. Tukanunua karanga kusherehekea akili zetu.

Karanga hazijaisha, nikaona ujumbe mwingine. Jina la tovuti yangu, lile ambalo anwani yangu ya barua pepe imesimama juu yake, lilikuwa linaisha siku hiyohiyo. Walioniuzia jina walijaribu kadi, wakaikuta tupu.

Kicheko kikabadilika sauti. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, mtu wa Butembo anayekaa hapa mjini, mwenye malori yanayoteremka hadi Sakania, aliyetaka milango ya malori yake yote iandikwe upya. Ile ndiyo kazi pekee iliyokuwa imebaki mbele yangu. Nilikuwa nimempelekea makadirio, naye alisema atajibu mchana, kwa barua pepe, si kwa simu. Aliwahi kuliwa pesa na mtu mwenye anwani ya bure, na tangu hapo anwani ya bure kwake ni uso uliofunikwa kitambaa. Ujumbe wake ukigonga jina lililokufa na kumrudia, angejua tayari mimi ni nani.

"Jaza kadi," yaya alisema. "Unangoja nini?"

Nilishafungua simu. Kidole kilikuwa hewani. Halafu shaka yangu ya kila siku, ile inayowachosha watu mezani, ikanishika mkono. Nilimwuliza yaya: kadi itajuaje kwamba pesa hii ni ya jina la tovuti?

Tukarudi kwenye barua. Maktaba ya picha ilikuwa imeshindwa kukata jana, ikaandika kwa adabu kwamba itajaribu tena. Programu ya mikutano vilevile. Ile inayopanga matangazo mitandaoni vilevile. Hazikuwa zimekufa hata moja! Zilikuwa zimekaa mlangoni kama wajomba wanaosubiri sufuria ifunuliwe, na yeyote atakayebahatika kujaribu kwanza baada ya mimi kuijaza kadi ndiye atakayekula. Pesa niliyoweza kuigusa ilitosha jina la tovuti tu. Iliyobaki ilikuwa ya chumba na unga.

"Kumbe njaa haichague," yaya alisema. "Sasa tufanye kilio. Kila moja ikuye hapa mbele, tuiulize: weye ukikufa leo, nani atalia?"

Umeme ulikuwa umekatika, betri ya kompyuta yangu ilikuwa imeshuka chini ya nusu, na sisi tukaanza mchezo. Sheria ilikuwa ya yaya: akilia klienti, mteja wangu, inabaki. Nikilia mimi peke yangu, inaenda. Na zilizokaa mlangoni ndizo zinaitwa kwanza, hata kama ni ndogo.

Maktaba ya picha ikaja. Nilibonyeza kuacha, ikauliza kwa nini, ikauliza kama nina uhakika, ikanionyesha picha zote nzuri nitakazozikosa. Yaya akaifanyia sauti, nyembamba, ya mjane mwenye mali. "Mupenzi, utakula na nani?" Nilicheka mpaka nikabonyeza kitufe kisicho chenyewe na kurudi mwanzo. Mara ya pili nilisoma mpaka chini kabisa, mpaka pale walipoandika kwamba hawatajaribu tena kukata. Kabla ya kuona maneno hayo hujaua kitu.

Ya mikutano niliishusha kwenye daraja la bure. Wateja wangu wanapiga simu, wanasema "uko wapi?" na kukata. Ya kupanga matangazo nayo ilikwenda bila mtu hata mmoja kufuta machozi.

Hapo utamu ukanipanda kichwani. Nikataka kuziua zote. Nikaita ghala la mafaili huko mtandaoni, na yaya akaacha kucheza.

"Kazi ya bale bantu ya zamani iko wapi?"

Kazi ya wateja wote wa zamani ilikuwa humo ndani. Mabango, nembo, kila kitu. Likifungwa kabla sijashusha mafaili kwenye diski, mteja akirudi kutaka nembo yake angelia kweli. Likaachwa hai mpaka umeme urudi. Programu ya kuchorea nayo nilitaka kuiaga, kwa sababu ndiyo inayokula zaidi, lakini nilikuwa nimeifunga kwa mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi, na kuuvunja kulikuwa na faini. Tena siku yake ya kukata ilikuwa mbali, na ndiyo inayonipa chakula. Nilimwambia yaya kwamba hukumu yake imeahirishwa. Akasema weye njo unaogopa kubaki na kalamu ya mbao.

Mlango ulikuwa mtupu sasa. Nilijaza kadi. Nilibonyeza kulipa, yaya ameshika karanga moja bila kuila, na duara dogo likazunguka, likazunguka. Likakubali.

Nilijitumia barua kutoka simu ya yaya kuona kama anwani inapumua. Ikafika. Nikajitumia nyingine bila sababu. Baada ya hapo ikaingia moja kutoka maktaba ya picha, ikisema imehuzunika kuniona nikiondoka. Yaya akaisoma yote kwa sauti ya mjane, akaanguka juu ya meza.

Tulikuwa bado tunafuta machozi wakati ya yule mtu wa Butembo ilipofika. Haikuwa na salamu.

"Nimeona devi. Kuya lundi na metre, tupime milango."

Niliisoma mara nyingi: makadirio yangu yamepita, Jumatatu nikapime. Kisha nikageuka, nikatazama meza yangu, chini ya meza yangu, na ndani ya begi. Metre sikuwa nayo. Mwaka mzima nilikuwa nimelipia programu za kupanga, kukutana na kuhifadhi, na sikuwa na kitu cha kupimia mlango wa lori.

Yaya alikuwa tayari amefika nje, anamwita fundi cherehani wa jirani atuazime metre yake.