Sifa Kumi na Tisa za Mama

Niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mdogo wangu, maana yule huongeza chumvi. Mimi ndiye niliyeandika, kwenye barua ya mama yangu mzazi ya kuomba kazi, kwamba "anaweza kusikia uongo hata ukisemwa nyuma ya ukuta". Hiyo ilikuwa sifa ya kumi na saba. Ya kumi na nane ilisema akikutazama mara moja unakumbuka kufagia. Jumla zilikuwa kumi na tisa.

Ilikuwa mwaka jana, niko kidato cha tatu, likizo ya mwezi wa sita. Kwenye simu ya mama likaingia tangazo: chama cha wafugaji nyuki kinatafuta msimamizi wa kituo cha kupokea asali kule Sikonge. Mtu wa kupokea ndoo, kupima asali, kuikataa isiyofaa, kuandika kumbukumbu ili kila ndoo ijulikane imetoka kwa nani, na kuwatembelea wafugaji vijijini. Mama alilisoma akiwa amesimama, kisha akalisoma tena akiwa amekaa. Miaka yote ninayoikumbuka anauza asali mezani pale Isevya, hapa mjini Tabora, na msimu ukiisha anarudi kwenye cherehani. Hajawahi kushika barua ya ajira mkononi.

"Hii ni yangu," alisema. Hakuwa anajisifu. Alisema kama mtu aliyeiona kanga yake kwenye kamba ya jirani.

Sasa tatizo lilikuwa hilo hilo, kwamba kazi ilikuwa yake kwa kila upande. Asali anaijua. Kinyamwezi ni chake, Kisukuma anakiongea mpaka wenye nacho wanamuuliza kwao wapi. Pikipiki anaendesha na leseni anayo. Ni katibu wa kikundi cha kina mama wa asali. Anashona, ameimba kwaya ya kanisa la Moravian tangu usichana, huduma ya kwanza kafundishwa, mkutano anautuliza. Akawa ananitajia huku anahudumia wateja, mimi naandika kwenye daftari, na kila nikidhani amemaliza anasema, "Aa, na lingine." Ilipofika ya kumi na sita nikaona kama ni mashindano ya wingi, basi na mimi nichangie.

Niliandika nikicheka peke yangu. Mama hakuipitia. Aliniamini kwa sababu ya mwandiko wangu, ambao kwa kweli ni mzuri kuliko tabia yangu.

Alhamisi asubuhi tukaenda steshenari kuchapa. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa alasiri. Mwenye duka ni dada mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ana mazoea mabaya: anachapa huku anasoma kwa sauti. Nyuma yetu kulikuwa na watu wanne. Nilipokumbuka lile zoea, tayari alikuwa kwenye sifa ya tano.

"Mama, naomba kukojoa," nikasema.

"Kojoa baadaye."

Dada akasoma. Ya kumi na sita, ya kumi na saba. Alisoma kwa sauti ya taarifa ya habari, hakuna hata kicheko. "'Anaweza kusikia uongo hata ukisemwa nyuma ya ukuta.'" Akainua macho. "Shikamoo mama, hii nayo tuiweke?"

Mzee mmoja kwenye foleni alianza kukohoa kikohozi cha uongo. Mama hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinigeukia, akanitazama, na nawaapia nilikumbuka kufagia.

"Marahaba, mwanangu. Futa hizo za mwisho," akamwambia dada. "Hizo nyingine chapa, ni za kweli."

Dada akatoa mikono kwenye kibodi. "Sichapi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hata hizo za kweli zitakunyima kazi." Akatusogezea benchi. Kumbe kabla ya kufungua duka alikuwa karani kwenye ofisi moja, akifungua bahasha za maombi na kuzipanga kabla wakubwa hawajaziona. "Mama yangu, zinakuja barua sitini. Msomaji ameshika yako, mkono mwingine umeshagusa inayofuata. Ukimpa mambo kumi na sita, halikai hata moja kichwani. Anakumbuka tu kwamba ulikuwa na maneno mengi."

Hapo nilielewa kuliko nilivyowahi kuelewa somo la historia. Mwalimu wetu hachoki kutuambia misafara ilivyopita Tabora hii, mamia ya wapagazi na mizigo kichwani. Barua yangu ilikuwa msafara wa namna hiyo, ila huoni kiongozi yuko wapi, mbele wala nyuma.

"Kwa hiyo nivitupe?" Mama alikuwa ameumia, nilimwona. "Cherehani imewasomesha hawa. Nilisahau kula nikijifunza hivyo vitu."

"Hutupi. Vinakwenda kwenye CV, kila kimoja na mstari wake. Barua inabeba viwili au vitatu tu. Lete tangazo."

Mama akatoa simu. Dada akachukua kalamu na karatasi iliyoharibika, akaanza kutuuliza. Kwa kila sifa alitaka kujua mambo matatu: tangazo linaiomba? Wengine watakaoomba watakuwa nayo pia? Na una tukio la kuonyesha kwamba ni kweli?

Nikajitosa, maana nilikuwa na deni la adabu. "Pikipiki! Hiyo iwe ya kwanza. Mama mtu mzima juu ya pikipiki, watashangaa."

"Wameandika ni sharti," dada akasema. "Asiye na leseni hata haombi. Ukiongoza na sharti unawaambia una kile ambacho wote wanacho. Mstari mmoja mwishoni, leseni anayo, basi."

"Mwaminifu na mchapakazi," mama akasema.

"Umewahi kuona barua iliyoandikwa 'mimi ni mvivu na mwizi kidogo'?"

Foleni nzima ikacheka, na mama naye, kwa mara ya kwanza siku ile. Yule mzee wa kikohozi akasogea karibu kama anayeangalia mpira.

Kwaya ikaenda kwenye CV. Cherehani ikaenda, na mama akaifuata kwa macho. Lugha ilibaki inaning'inia: tangazo linaitaka, lakini dada akasema Sikonge waongeaji wa Kinyamwezi hawakosekani, lugha peke yake haitoshi. Kujua asali kukabaki pia, ila kila mwombaji angesema anaijua asali.

"Tukio," dada akasema. "Nipe siku moja uliyoonyesha unaijua."

Mama akajifunga kanga upya. Mimi nilikuwa na tukio mdomoni na nilijua mama halitaki.

"Ile ya mjomba," nikasema.

"Nyamaza."

"Mama, ile ndiyo yenyewe."

"Ya ndugu haipelekwi ofisini!"

Dada alitutazama kwa zamu. Mama akashusha pumzi, akasimulia mwenyewe, sauti chini. Mwaka juzi kaka yake alileta ndoo za asali kwenye kikundi. Alikuwa amevuna mapema, masega nyuki hawajayafunika kwa nta, kwa hiyo asali ilikuwa bado na maji mengi. Mama akatia tone kwenye kifaa cha kupimia maji ndani ya asali, akachungulia kwenye mwanga, akampa kaka yake naye achungulie. Asali kama ile ikikaa inachacha, na ukiichanganya inaharibu na ya wenzake. Akaikataa, mbele ya watu. Mjomba akanuna mpaka sikukuu ikapita hajaja kula kwetu. Lakini mama alimfuata kijijini, mara mbili, akaenda naye porini mpaka kwenye mizinga, akamwonyesha sega lililofunikwa na lisilofunikwa. Msimu uliofuata mjomba alileta asali nzito, na siku hizi yeye ndiye anayewakemea wengine wanaovuna mapema, kama vile alizaliwa anajua.

Dada aliweka kalamu chini. "Mama, hapo una mbili kwa mpigo. Unaijua asali mpaka unaweza kumkatalia ndugu yako. Na ukimkatalia mtu, humpotezi. Ya kwanza wengi wanaijaribu. Ya pili, wenye nayo sijui kama wapo."

"Sitamwandika kaka yangu."

"Nani kakwambia? Andika 'mfugaji mmoja'. Ni kweli na inatosha."

Mama akaitikia kwa kichwa. Sifa ya tatu haikutusumbua: lile daftari lake la kikundi. Kila ndoo ina namba, jina la mfugaji, kijiji na tarehe. Kuna ndoo moja iliwahi kuchacha stoo, akafungua daftari na akajua ilikotoka kabla chai haijapoa. Tangazo lilikuwa limetaja kumbukumbu mara mbili, mimi sikuona hata mara moja kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kuchekesha.

Barua ilitoka ukurasa mmoja, na chini ikabaki nafasi nyeupe. Mama aliigusa ile nafasi kwa kidole. "Patupu hivi?"

"Patayaacha macho yapumue," dada akasema, akampa kalamu asaini.

Njiani kurudi mama alitembea mbele yangu. Mtaa wa pili hivi akasema, bila kunitazama, "Ya mjomba wako ulikumbuka vizuri." Halafu akanipa adhabu ya kuosha ndoo zote za asali kwa wiki mbili, na mtu ambaye hajaosha ndoo ya asali asiseme ni adhabu ndogo. Sisimizi wananijua kwa sura.

Waliita baada ya majuma matatu. Usaili ulikuwa Sikonge, wameitwa watu watano. Mama aliondoka asubuhi na basi, amevaa gauni alilolishona mwenyewe, kwa ile cherehani ya kwenye CV. Mimi nilibaki kwenye meza ya asali nikiwauzia watu vibaya, kwa sababu kila simu ikilia mtaani naruka.

Alirudi nyumbani saa kumi jioni, nimeshafunga meza. Alisimama mlangoni hajaingia, bahasha kwapani, uso umekunjwa, nikajua tumekosa. Nikanyoosha mkono nimpokee bahasha. Akatoa karatasi kwenye bahasha, akaiinua mbele ya uso wangu. Miezi mitatu ya majaribio, kuanzia mwezi unaofuata, na sahihi ya mwenyekiti.

"Sasa mbona umenuna?" nikamuuliza. "Walikuulizaje?"

Mama akasema: "Waliuliza habari ya yule mfugaji kwanza, nikawaeleza mpaka wakasahau chai yao. Mwisho mmoja akaniuliza, mama, una kingine unachoweza? Nikamwambia ninavyo vingi, baba, ila hivyo mtaviona nikishaanza. Haya, ondoka hapo mlangoni nipite, viatu hivi vimeniua tangu Sikonge."