Makali Yasiyovunjwa

Chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya chuo kile cha Changamwe kilikuwa na namba mlangoni, lakini hakuna aliyeitumia. Kila mtu alikiita kwa Kuluthum, kana kwamba mna kitanda na sufuria zake. Kuluthum Yeslam, mzaliwa wa Kisauni, fundi wa maabara mwenye diploma moja na ulimi usiolala, alikuwa amekilinda miaka tisa. Ndani mlikuwa na handaki la upepo: tangi kubwa la chuma, vali, koo jembamba, na kijumba chenye vioo pande mbili. Kompresa ililijaza tangi kwa dakika arobaini. Vali ikifunguliwa, hewa ilipita kooni ikafika kasi mara mbili na nusu ya sauti, na baada ya sekunde nane mambo yakawa yamekwisha. Kungoja dakika arobaini kwa ajili ya sekunde nane! Wengi walimwona mwendawazimu, naye hakujisumbua kuwakanusha.

Mwezi ule barua ilikuwa imetoka kwa mkuu wa idara, Daktari Kimani. Chumba kingegeuzwa cha kompyuta, na handaki lingeuzwa chuma chakavu siku ya Ijumaa. Kuluthum alimwendea ofisini akaomba jaribio moja la mwisho. Alikuwa amechora mdomo wa injini ya kuruka kasi mno, ile isiyokuwa na kitu kinachozunguka ndani yake, na alitaka kuuona ukivuta hewa. Ukifanya kazi, chumba kibaki. Kimani alicheka kidogo, akasema mdomo wenye pembe zisizosogea hautameza upepo ule, lakini kujaribu si dhambi.

Kuutengeneza alimpa Mzee Kitsao, fundi mkongwe wa karakana, aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika tupa. Mzee aliukagua mchoro kwa muda, akaugeuza juu chini.

"Mwanangu, sasa pangaboi liko wapi?" aliuliza. "Injini ya ndege nijuayo mimi ina mapanga mbele, yakizunguka yanaisukuma hewa ndani."

"Halipo, Mzee. Kasi ndiyo pangaboi. Ndege ikikimbia kuliko sauti, hewa ya mbele haipati habari kwamba kuna kitu kinakuja. Inakigonga ghafla. Pale inapogonga mteremko huu, panazuka wimbi la mshindo, limelala mshazari, na kila hewa inayolipita hubanwa. Mteremko wa pili huibana tena. Mdomo wa juu huibana mara ya tatu, ndiyo iingie chumba cha moto."

"Na moto hauzimiki?"

"Hapo ndipo kazi ngumu. Hewa inaingia bado ikiishinda sauti, na mafuta yana muda mfupi mno wa kuungua. Ukiisimamisha hewa kwanza, kwa kasi zile itapata joto la kuyeyusha injini."

Mzee alitikisa kichwa, akaenda kukata chuma. Kazi yake ilikuwa safi, kama kawaida yake.

Jumatano walijaribu, Kimani akitazama. Mwanga wa taa ulipitia vioo, ukarudishwa na kioo kilichobonyea, ukapita ukingoni mwa wembe hadi kwenye kamera. Hivyo ndivyo hewa iliyobanwa huonekana, kama kivuli. Kuluthum alifungua vali. Badala ya mistari miwili iliyonyooka ya mshazari kuingia mdomoni, palitokea kivuli kimoja kilichopinda, kikasimama nje ya mdomo, kikicheza mbele na nyuma. Sindano ya geji ilitetemeka sekunde zote nane. Upepo ulikuwa unamwagikia pembeni.

"Umekataa kumeza," alisema Kimani. "Nilikwambia. Pole, Bi Kuluthum. Ijumaa lori linakuja."

Alipoondoka, Kuluthum aliutoa mdomo ule kijumbani akapitisha kidole gumba ukingoni. Haukukata. Alipitisha tena. Ulikuwa laini kama ukingo wa sahani, mbele na kwenye mdomo wa juu pia, na nafasi ya kupitia hewa ilikuwa milimita sita tu. Ukingo butu huisukuma hewa kama kifua cha mtu mlangoni. Wimbi halikai ncha ya chuma, hujitenga mbele yake na kuziba njia.

"Mzee, makali uliyavunja kwa tupa?"

"Nimevunja makali miaka arobaini," alisema Kitsao, akishangaa kuulizwa. "Kazi yenye makali ni kazi ya mwanagenzi, inakata watu. Halafu uliandika mwenyewe."

Alimwonyesha. Chini ya mchoro, kwenye kisanduku kinachokuja na kila karatasi ya karakana ile, palikuwa na maneno: vunja makali yote. Yalikuwapo tangu kabla Kuluthum hajaajiriwa. Yeye hakuyafuta. Moyo ulimchoma, na kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Alhamisi aliinoa kazi ile mwenyewe, kwa mashine kisha kwa kinoo, taratibu. Kitsao alisimama pembeni akiguna.

"Hiyo sasa si kazi, ni kisu."

"Ni kisu, Mzee. Leo usinisaidie."

Hakuwahi kumjibu hivyo maishani. Mzee akamsogezea taa.

Ijumaa asubuhi lori lilikuwa limeegeshwa mlangoni, na vijana wawili wa vyuma chakavu walikuwa wanafungua nati za miguu ya handaki. Kuluthum alisimama kati yao na tangi, ambalo tayari lilikuwa limejaa.

"Hilo lina hewa iliyobanwa mara nane," aliwaambia. "Mkigusa bomba, mtafika Miritini bila nauli."

Waliweka spana chini. Kimani aliitwa, akaja na uso uliokunjamana. Kuluthum hakumpa nafasi ya kuanza.

"Daktari, kosa la Jumatano lilikuwa langu. Karatasi iliagiza makali yavunjwe, nami sikufuta. Mzee Kitsao alifanya nilichoandika."

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

"Sikuja kuambiwa pole. Kosa ni la mstari mmoja wa mchoro, si la wazo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nipe sekunde nane, au nieleze mbele ya hawa kwa nini unaziogopa."

Kimani aliwatazama vijana, akamtazama Kitsao, akavuta kiti.

Vali ilinguruma. Kwenye skrini mistari miwili ilichomoza kwenye miteremko, myembamba, imenyooka, ikakutana karibu kabisa na mdomo wa juu. Ndani ya nafasi ile ya milimita sita mistari mingine ilipishana, ishara kwamba hewa bado ilikuwa inaishinda sauti. Sindano ilipanda ikasimama tuli: karibu mara tano ya shinikizo la nje ya mdomo, na hakuna kilichozunguka ndani yake. Kisha kimya.

Kimani aliirudisha picha mara tatu. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mwalimu.

"Umemeza. Umemeza vizuri." Akashusha pumzi. "Lakini barua nimekwisha kuisaini, Bi Kuluthum. Chuma kimeuzwa."

Kuluthum alichomoa kalamu kwenye mfuko wa koti lake la kazi, akaiweka juu ya meza mbele ya mkuu wake wa idara.

"Mkono uliosaini si ndio huo unaoweza kufuta? Tangi linajaa kwa dakika arobaini. Nakungojea."

Akawasha kompresa.