Da Shani na Neno "Imeshughulikiwa"

Kila asubuhi, kabla hajatusomea, da Shani alifuta miwani kwa ncha ya mtandio, hata kama haina vumbi. Hapo ndipo tulipojua zamu imeanza: sisi wasafishaji, madereva, na Gerishon mlinzi, tumejipanga kando ya kaunta ya mapokezi. Hoteli yetu iko hapa hapa Doha. Wa usiku huwaandikia wa asubuhi maelezo kwa Kiingereza, tena cha kukatakata, na da Shani, Mpemba wa mapokezi, alikuwa akitugeuzia Kiswahili. LCO kwake ilikuwa, "Mgeni huyu ataondoka kwa kuchelewa, chumba chake msikiguse mpaka mchana." Herufi tatu tu, zinafunguka hivyo. Mie niliyesoma kidogo nilikuwa namtazama mdomo tu.

Siku ile akafika kwenye chumba cha mama mmoja wa Kisudani, aliyelala peke yake. "DND, asisumbuliwe. Hajisikii vizuri. Imeshughulikiwa. Ifuatiliwe baadaye." Akarudi mwanzo wa mstari, akausoma upya.

Gerishon akamtania kwamba leo mwalimu kakwama, tugawiwe kazi twende zetu. Da Shani hakucheka.

"Imeshughulikiwa na nani? Baadaye ndiyo lini? Siwezi kugeuza nisichokijua."

Akampigia Bradley wa zamu ya usiku, ndiye aliyeandika, keshapanda basi la kampuni kurudi Industrial Area, kwenye makazi yetu wafanyakazi. Bradley, kwa sauti ya usingizi, akaeleza kwamba mama alipiga simu usiku analalamika kizunguzungu, naye akampa namba ya daktari. Kama mama alimpigia huyo daktari, hajui. Na ile DND mama aliiomba jioni, kabla hajaanza kuumwa.

Kwa maneno yale yale tungempita mlangoni pake mpaka alasiri, tena kwa heshima zote.

Da Shani akapiga simu chumbani, haikupokelewa. Akamwita Cyrus, meneja wa zamu, wakapanda watatu, pamoja na Gerishon. Waligonga, wakajitambulisha, wakagonga tena, ndipo Cyrus akafungua kwa kadi yake. Mama alikuwa sakafuni kando ya kitanda, anapumua kwa shida. Gari la wagonjwa lilipomchukua alikuwa amefumbua macho, kaushika mtandio wa da Shani, hauachii.

Zamu ilipokaribia kwisha, sisi na wenzetu wanaotupokea tumejipanga kando ya kaunta, da Shani akaandika yote: nani alipigiwa, alifanya nini, na kwamba hakuna aliyekwenda kumtazama mpaka asubuhi. Cyrus, ambaye si mtu mbaya, akaivuta kibodi taratibu, akafuta. Akaandika kwamba mgeni alisaidiwa, kila kitu kiko sawa.

"Wageuzie hiyo, dada. Inatosha."

Da Shani akafuta miwani. Akaisoma ile sentensi, kisha akatutazama, mmoja mmoja, kama anayetafuta yupi kati yetu atakayeiamini.

"Hii wasomee wewe, kaka."

Akavua beji, akaiweka juu ya kaunta bila kuigonga. Akatoka kwa mlango wa mbele, ule wa wageni, na hakurudi tena.