Bidoni Sita za Mawese

Bidoni sita za mawese zilikwenda wapi? Nilikuwa na miaka kumi wakati wenzangu wa shule, hapa Baraka kando ya ziwa, waliponiuliza hivyo huku wakicheka. Mama aliuza katika duka la tajiri mmoja sokoni, na ndiye aliyeandika daftarini mizigo iliyopokelewa. Siku moja tajiri alisoma daftarini bidoni saba za mafuta hayo ya mawese, dukani akakuta dumu moja tu. Alimfukuza mbele ya watu wote, akimwita mwizi.

Nilipomaliza chuo kikuu niliomba kazi ya uhasibu kwa tajiri huyohuyo. Sikufuata mshahara.

Siku moja kabla ya mwisho wa kupeleka tamko la kodi, tajiri alinisomea, bila miwani, jumla za miezi kutoka daftari la muuzaji wake, mimi nikiandika. Zilifika faranga milioni themanini na nne na laki tatu. Angebaki chini ya milioni themanini, angelipa asilimia moja ya mauzo, yakaisha. Juu ya hapo kulikuwa na TVA (kodi ya ongezeko la thamani), ukaguzi, na vitabu vya hesabu ambavyo hakuwa navyo.

Aprili ilinikera. Milioni saba na laki nne, na barabara ya Misisi, walikotoka wateja wengi, ilikatwa na mvua mwezi mzima? Nilijumlisha upya mauzo ya kila siku: milioni moja na laki nne. Pengo lilikuwa milioni sita kamili, bila chenji. Pengo la namna hiyo ni tarakimu moja iliyosomwa vibaya. Nilitazama daftari: moja yenye kichwa kirefu kilichopinda, bila kistari ambacho saba hubeba katikati.

Sita. Ningenyamaza tu, angezama.

“Papa, hii ni ngapi?” nilimuuliza tajiri.

“Saba! Macho yako iko wapi?”

Nilimwonyesha hesabu ya siku. Alitoa miwani mfukoni, akaisoma upya: moja.

“Tengeneza haraka, mutoto yangu.”

“Nitatengeneza. Kwanza toa daftari ya mwaka ile ulimufukuza mama yangu juu ya bidoni.”

Madaftari yote ya zamani aliyafungia sandukuni. Alileta lile la mwaka ule. Mwandiko wa mama: moja, kichwa kirefu, hakuna kistari.

“We unataka kuniuza?”

“Hapana, papa. Nataka usome. Kule inje, kwa bamama ba soko. Kwa sauti ya nguvu.”

Alitoka nje, akasoma. “Bidoni... moja.”

“Moja?” aliita mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani. “Basi ile sita alikunywa nani?”

Soko likacheka, safari hii si sisi tuliochekwa. Asubuhi nilipeleka tamko lenye milioni sabini na nane na laki tatu, nikaacha kazi, nikidhani tumelipana.

Miaka baadaye nilikutana na mwenye mtumbwi wa rasi ya Ubwari aliyeleta mzigo ule wa mawese. Alisema alirudi wiki moja baada ya mama kufukuzwa, kudai pesa yake. Tajiri alivaa miwani, akasoma karatasi ya mzigo yenye mwandiko wa mama, akamlipa bidoni moja.