Mama Maswali na Vidonge vya Mgongo Wangu

Mtaani kwetu anaitwa Mama Maswali, na jina hilo nililichangia mimi. Ni mfamasia mwenye duka la dawa kwenye kona, baada tu ya kinyozi. Ni mwanamke mfupi, koti jeupe limepigwa pasi likasimama, miwani ameining'iniza kifuani kwa kamba. Ukimwambia, "Nipe dawa ya kichwa," hageuki kwenye rafu. Anakuuliza kichwa ni cha nani.

Mimi ni fundi muashi na subira sijabarikiwa. Foleni ya watu watatu inatosha kunipandisha presha nisiyo nayo. Siku ya kwanza niliyomwona akifanya kazi, nilikuwa nimekunja uso nikisubiri zamu yangu, na mbele yangu alisimama mama mmoja aliyetaka aspirini ya binti yake wa miaka kumi mwenye homa.

"Aspirini mtoto hapewi, mama. Wala kijana chini ya miaka kumi na sita," Mama Maswali akamwambia. "Akiwa na mafua au homa ya virusi inaweza kumharibu ini na ubongo. Ni nadra, lakini hatubahatishi na mtoto. Chukua paracetamol. Ana kilo ngapi?"

"Sijui. Ni mwembamba."

"Wembamba si kilo. Mzani ule pale, mlete tumpime."

Nikacheka kwa dharau. Yule mama alirudi na binti yake kweli, akapimwa, akaandikiwa kipimo kwenye bahasha. Akaonywa pia asimwongezee dawa ya mafua ya chupa, kwa sababu nyingi zina paracetamol hiyo hiyo ndani, na ikizidi inaumiza ini. Mimi muda wote huo mgongo unanipasuka!

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeinua mfuko wa saruji vibaya.

"Nipe ibuprofen, na usinipime kilo."

Hata hakutabasamu. Una vidonda vya tumbo? Sina. Figo? Nzima. Presha, moyo, pumu? Sina, sina, sina. Unatumia dawa nyingine yoyote? Hakuna. Ndipo akaniuzia vidonge ishirini. "Hii inafaa maumivu yenye uvimbe, kama msuli uliovutika. Kimoja baada ya chakula, visizidi vitatu kwa siku, na siku chache tu. Ukihisi tumbo linachoma, acha."

Kwa siku mbili nilimeza vitano, mgongo ukanyooka. Vikabaki kumi na tano.

Nyumbani naishi na baba yangu. Alikuwa seremala, sasa ana miaka sabini na mbili na magoti yanamuuma hadi kuinuka kitini ni shughuli. Alikuwa anakunywa paracetamol, huku akiniambia, "Mwanangu, hizi ni kama kumeza chaki." Kwa hiyo nikampa zangu. Nilimpa kwa furaha, nakiri, maana ni raha kumpa baba yako kitu kinachomsaidia. Siku ya tatu alitembea hadi getini bila fimbo. Nikajiona daktari.

Siku ya tano zikaisha, nikaenda dukani kuongeza.

"Mgongo unaendeleaje?" Mama Maswali akauliza.

"Umepona zamani."

"Sasa hizi za nani?"

Nikashusha pumzi ya hasira. "Za baba. Magoti."

"Baba anatumia dawa gani nyingine?"

"Za maumivu hatumii nyingine yoyote."

"Sijauliza za maumivu. Nimeuliza dawa."

"Ya presha. Na ile aspirini ndogo ya moyo, aliandikiwa na daktari mwaka jana. Lakini hiyo ni ya moyo, si ya maumivu!"

Alikuwa ameshaweka boksi mezani. Akaliwekea kiganja, akalivuta taratibu kurudi upande wake.

"Aspirini ni aspirini, iwe ndogo iwe kubwa. Inazuia damu kuganda, ndiyo maana mwenye ugonjwa wa moyo anapewa. Ibuprofen nayo inachubua tumbo. Ukiziweka pamoja kwa mtu wa umri wake, tumbo linaweza kuvuja damu. Na ibuprofen inaweza kuizuia aspirini isimlinde moyo, tena presha nayo inapanda. Amekunywa siku ngapi?"

"Tano."

"Choo chake kina rangi gani?"

Jamani! Mbele ya foleni nzima! Kinyozi mwenyewe alikuwa nyuma yangu. Damu ikanichemka, nikamwambia kwamba mimi baba yangu namheshimu, sichungulii chooni kwake, na kama biashara imemshinda afungue kituo cha polisi, maana kuhoji watu anaweza. Nikatoka nikiapa kununua kwingine.

Sikufika mbali. Nilisikia mlango wa duka unafungwa nyuma yangu. Aliiacha foleni yote imesimama nje, akanifuata na koti lake jeupe, anahema.

"Nitukane baadaye," alisema. "Nipeleke kwa baba."

Sauti yake haikuwa ya kugombana. Tukaenda.

Baba alikuwa kitandani, mchana mweupe. Asubuhi aliniambia amechoka tu, nami nikamwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini. Mama Maswali akapiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu."

Akamfunua kope ya chini kwa kidole, akatazama viganja vyake. Nami nikatazama, nikaona jinsi vilivyokuwa vyeupe, kama vya mtu aliyeshika unga. Akamuuliza lile swali kwa sauti ya chini, kwa adabu ambayo hajawahi kunionyesha mimi. Baba akanitazama kwanza, kisha akageukia ukuta.

"Cheusi," alisema. "Kama lami. Tangu juzi."

"Hiyo ni damu inavuja tumboni," Mama Maswali akaniambia, na teksi aliita yeye. Kwenye karatasi aliandika kila dawa, kiasi na siku, akanikabidhi. "Mwonyeshe daktari hii. Ibuprofen basi, asiiguse tena. Aspirini ya moyo msiamue ninyi, ataamua daktari."

Hospitalini waliingiza kamera tumboni wakakuta kidonda kinavuja, wakakiziba. Baba aliongezewa chupa mbili za damu. Daktari alisoma ile karatasi mara mbili, akauliza nani kaiandika, akasema imemwokolea muda mwingi. Nikamuuliza ingekuwaje kama baba angemeza vidonge vile siku mbili zaidi. Alitikisa kichwa tu.

Siku ya tatu baba alikaa kitandani akanywa uji. Mama Maswali alikuwa amekuja kumjulia hali, amesimama mlangoni bila koti, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaomba radhi. "Nilikuuliza habari zako tu siku ile," aliniambia. "Sikuuliza nyumbani kuna nani mwingine. Sasa namuuliza kila mtu." Mwanamke aliyemwokoa baba yangu ndiye anayeniomba radhi mimi niliyemtukana! Nikamgeukia baba kwa ukali, maana ukali ndio ninaoujua.

"Baba, siku mbili unatoka damu, unanificha! Kwa nini hukuniambia?"

Akaweka kikombe chini.

"Ulikuwa unanipa kwa mkono wako, mwanangu. Kila asubuhi, na maji, unafurahi hivyo. Ningekwambiaje kwamba ndizo zinazoniua?"

Mama Maswali akatoka akatuachia chumba, nami nikalia mbele ya baba yangu kama ambavyo sijawahi kulia.